Mwongozo kamili: Kuandika wimbo wa mtu aliye kazini mbali na kwao

Nyimbo za ughaibuni ninazoletewa nizisome hukwama mahali pale pale. Mwandishi ana uchungu wa kweli, pengine ameishi huko miaka, lakini akishika kalamu anaandika: nyumbani ni nyumbani, namkumbuka mama, ipo siku nitarudi. Maneno hayo yanaweza kuimbwa na mtu yeyote wa popote. Ubeti wa pili unarudia wa kwanza kwa sababu hakuna kilichobaki cha kusema, na mistari ni mirefu mno hata mwimbaji anakimbizana na mdundo.

Hapa tutajenga wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Msemaji wetu ni mwanamke wa Likoni, Mombasa, anayefanya kazi za ndani Riyadh, Saudia. Mtoto wake amemwacha kwa mama yake. Ukiufuata utaweza kuandika wa kwako, uwe wa dereva aliye Doha au muuguzi aliye London.

Wimbo mzima umesimama juu ya jambo moja: simu. Aliye mbali hupiga simu akasema yuko salama hata kama hayuko. Aliye nyumbani naye hujibu kuwa wote wazima hata kama kuna mgonjwa ndani. Kwa hiyo kiitikio chetu kitakuwa maneno yanayosemwa kwenye simu, na beti zitakuwa yale yanayofichwa. Kiitikio kinarudi kila mara kwa maneno yale yale, lakini msikilizaji ameshajua zaidi, na ndipo kinapoanza kuuma.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Kuhesabu mizani kwenye karatasi ni rahisi kuliko kwenye simu.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Mdundo wa mapigo 4 wenye kasi ya mapigo 90 kwa dakika. Kama huna prodyuza, tumia programu ya simu inayogonga mapigo, au piga makofi.
- Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi mbali, aliye tayari kuzungumza nawe. Kama ni wewe mwenyewe, tafuta hata hivyo mtu wa upande wa pili, yule aliyebaki nyumbani.
- Saa mbili za utulivu kwa kiitikio peke yake.

## Hatua ya 1: Chagua anayesema, anayesikiliza na wakati

Andika juu ya ukurasa sentensi moja yenye majibu ya maswali haya: nani anamwambia nani, yuko wapi, ni saa ngapi, na anaficha nini.

Yetu ni hii: *Binti wa Likoni anampigia mama yake kutoka Riyadh, usiku baada ya kazi, na anaficha kwamba mshahara haujatoka na kwamba mtoto wake ameanza kumsahau.*

Lazima msikilizaji awe mmoja kwa sababu Kiswahili chako hubadilika kufuatana na unayezungumza naye. Kwa mama utasema "sina neno". Kwa rafiki mliyesafiri pamoja utasema mambo ambayo mama hatayasikia kamwe. Ukimwimbia mama kwenye ubeti wa kwanza, mpenzi kwenye wa pili na taifa zima kwenye wa tatu, hakuna atakayehisi kuwa ameitwa.

Hakikisha saa pia. Nimesoma wimbo wa mtu aliye Saudia unaosema "huku usiku, huko mchana". Si kweli. Riyadh na Mombasa zina saa moja ile ile, na Doha vilevile. Muscat na Dubai ziko mbele kwa saa 1 tu. London iko nyuma kwa saa 2 wakati wa kiangazi chao na saa 3 wakati wa baridi. Aliyeishi huko atalitambua kosa hilo kwenye mstari wa kwanza, na hatakuamini tena hata ukisema kweli.

Kwetu sisi usawa huo wa saa ni faida. Mama na binti wanasikia usiku mmoja ukiingia, ila kila mmoja yuko chini ya paa lake.

Ukimsomea mtu sentensi yako naye akauliza, "Kwa nini hamwambii?", umepata wimbo. Akisema "Pole sana" akanyamaza, bado hujapata kinachofichwa.

## Hatua ya 2: Uliza maswali yanayoleta vitu

Usimwulize mtu, "Unakumbuka nini nyumbani?" Atakujibu kwa maneno makubwa: familia, chakula, upendo. Uliza mambo yanayoshikika:

Simu ya mwisho ilipokatika, ulikuwa umekaa wapi? Ndani ya begi ulilokwenda nalo, kitu gani hujakitumia mpaka leo? Nguo zako unazianika wapi, na zinachukua muda gani kukauka? Mara ya mwisho kutuma pesa, ulizitoa wapi? Mtoto akisikia sauti yako anasemaje?

Swali la nguo linaonekana dogo, lakini tazama linavyofanya kazi. Riyadh iko mbali na bahari na hewa yake ni kavu. Nguo iliyoanikwa hukauka upesi mno kwa mtu aliyezoea Likoni, ambako siku za mvua leso hulala kambani ikiwa bado na unyevu. Mtu wa pwani huliona jambo hilo wiki ya kwanza tu, na mwandishi aliyekaa mezani bila kuuliza hawezi kulibuni.

Kutokana na majibu, chagua vitu 3 tu, kimoja kwa kila ubeti. Sisi tumechagua leso ya mama ambayo haijafuliwa, pesa ya mabati iliyokopwa, na mtoto asiyetambua sauti. Vingine vyote viache kwenye daftari, hata vikiwa vizuri. Ubeti wenye vitu vitano hauna hata kimoja kinachosikika.

Tahadhari kuhusu hadithi ya mtu mwingine: mwombe ruhusa kabla ya kuandika, na umwambie utakavyoitumia. Badilisha mtaa, jina, idadi ya watoto. Wapo ambao mama zao hawajui kabisa yanayowapata, na wimbo wako unaweza kuwa wa kwanza kuwapa habari.

## Hatua ya 3: Andika kiitikio kwanza

Wengi huanza na ubeti wa kwanza, wakafika kwenye kiitikio wameshamaliza maneno. Anza na kiitikio, kwa sababu ndicho kitakachoziamua beti.

Chukua maneno halisi ya kwenye simu. Jaribio la kwanza huwa hivi:

*Mama usijali mimi niko salama huku ughaibuni*

Hesabu mizani: ma-ma, u-si-ja-li, mi-mi, ni-ko, sa-la-ma, hu-ku, u-gha-i-bu-ni. Ni 20. Mstari huo hauna mahali pa kupumua, na neno "ughaibuni" peke yake limekula mizani 5 bila kusema lolote jipya. Hakuna anayempigia mama yake simu akamwambia yuko ughaibuni. Mama anajua.

Tutatumia kipimo kilichozoeleka katika ushairi wetu: mstari wa mizani 16, uliogawanywa vipande viwili vya 8.

Kabla hujaendelea, hakikisha unahesabu sawasawa. Mizani ni silabi. "Mtoto" ni 3, m-to-to, kwa sababu m hiyo inasimama peke yake. "Mto" ni 2. "Mwana" ni 2, kwa kuwa m na w zimeungana na vokali moja. "Nyumba" ni 2, nyu-mba. "Mshahara" ni 4. "Mtandao" ni 4. Maneno kama "kabla" na "labda" wengine huyaimba kwa silabi 2 na wengine kwa 3, hivyo yaepuke, au amua mapema na uyaimbe namna moja wimbo mzima.

Kiitikio chetu kimefika hapa:

*Mama mimi sina neno, kazi njema, watu wema,*
*Simu yangu yazimika, tutasema kesho, mama.*

Kila kipande kina mizani 8. Maneno ni ya kawaida kabisa, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mtu anayeficha jambo hatumii maneno ya kishairi. Mstari wa pili ndio wenye kazi: simu haijazimika. Anaikata kabla sauti haijamsaliti. Mara ya kwanza msikilizaji atadhani ni chaji imekwisha. Kufikia mara ya tatu atakuwa amejua.

Hiki ni kipimo kizuri cha kiitikio chochote cha namna hii: kinaaminika kikisikika peke yake, na hakiaminiki tena baada ya ubeti.

## Hatua ya 4: Weka mkazo juu ya pigo

Hapa ndipo nyimbo nyingi zenye mizani sahihi huharibika, na mwandishi hajui sababu. Amehesabu 8, tena 8, lakini akiimba, maneno yanasikika kama ya mgeni anayejifunza Kiswahili.

Sababu ni mkazo. Neno la Kiswahili huwa na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mdundo nao una mapigo yake. Ukiweka mizani 8 ndani ya mapigo 4, kila pigo linabeba mizani 2, na pigo huangukia mizani ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Mkazo wa neno ukikutana na pigo, neno linasikika lilivyo. Usipokutana, mdundo unalilazimisha neno liimbwe vibaya.

Tazama kipande chetu, herufi kubwa zikionyesha mkazo:

MA-ma MI-mi SI-na NE-no

Mikazo iko kwenye 1, 3, 5 na 7. Kimekaa sawa. Sasa tazama kipande ambacho kingeweza kuingia kwenye kiitikio hicho hicho:

NA-la na-LA-la sa-LA-ma

Mizani ni 8, hesabu haina kosa. Lakini mkazo wa "nalala" uko kwenye mizani ya 4, katikati ya mapigo. Ukipiga makofi utajikuta unaimba "NA-la-LA". Dawa yake ni kupanga upya: *nala vyema na kulala*. Sasa mikazo ni 1, 3 na 7.

Kanuni ya kukumbuka ni hii. Neno la silabi 2 au 4 lianze kwenye mizani ya 1, 3, 5 au 7. Neno la silabi 3 litangulizwe na kineno kimoja kifupi: na mtoto, ya mabati, kwa mwenzangu. Ukizingatia hilo tu, nusu ya matatizo yako studio yatakwisha.

Ukihitaji kupunguza mizani, tumia ufupisho ambao watu wa pwani wanautumia hata wakizungumza: "zakauka" badala ya "zinakauka", "kaja" badala ya "akaja", "yazimika" badala ya "inazimika". Washairi huita inkisari. Usikate neno ambalo hujawahi kusikia mtu akilikata.

Je, mwimbaji apumue wapi ikiwa kipande kimejaza mapigo yote 4? Silabi ya 8 haina mkazo, hivyo aikatishe mapema na avute pumzi hapo. Asijaribu kuirefusha.

Zingatia na vokali ya mwisho wa mstari. A na o zinafungua kinywa na zinabeba sauti ndefu. I na u zinakibana. Ndiyo maana kiitikio chetu kinaishia kwa "ma", na kina cha "ni" tumekiweka kwenye ubeti wa mwisho, ambao hauimbwi kwa nguvu.

Rekodi kiitikio ukipiga makofi, kisha kisikilize kesho yake. Ukielewa kila neno bila kutazama karatasi, endelea.

## Hatua ya 5: Andika beti, siri moja kila mmoja

Beti zetu zina mistari 4. Vina vya mwisho vinafanana, vya kati tumeviacha huru. Ukiweza kupata vyote viwili ni vizuri, lakini wimbo huu ni wa mazungumzo, na kina cha kulazimisha humfanya msemaji aonekane anatafuta maneno. Kati ya kina cha kati na ukweli wa kilichosemwa, mimi huchagua ukweli.

Panga siri kuanzia ndogo kwenda kubwa. Ya kwanza iwe ile ambayo msemaji angeweza kuitaja bila kuona haya.

Ubeti wa 1: leso

*Hapa nguo zakauka, chai bado ina moto,*
*Leso yako naishika, ina udi na mtoto,*
*Tangu Mei siifui, naiweka kwenye mto,*
*Nikifua, leso tupu, nitalala bila joto.*

Mstari wa kwanza unatoa hewa ya mahali: nguo imekauka kabla chai haijapoa. Hatukusema "jangwa", hatukusema "mbali". Mstari wa pili umeweka bibi na mjukuu ndani ya kipande kimoja cha kitambaa, kwa sababu leso ndiyo iliyombeba mtoto, na ndiyo iliyofukizwa udi. "Tangu Mei" inahesabu muda bila kutaja miezi mingapi. Neno "kukumbuka" halimo kabisa kwenye ubeti huu. Jaribu kulipiga marufuku kwenye wimbo wako wote na uone utakavyolazimika kutafuta vitu.

Ubeti wa 2: pesa

*Ile pesa ya mabati nimekopa kwa mwenzangu,*
*Mshahara haujaja, kesho, kesho, ndilo fungu,*
*Picha yake nimeona, paa jipya, jina langu,*
*Nalipenda, silijui, deni li shingoni mwangu.*

Ubeti wa pesa ndio unaokosekana kwenye nyimbo nyingi, na ndio wenye aibu nyingi. Walio nyumbani hawajui kwamba pesa iliyoingia kwenye simu yao ilikopwa. Kwao mabati mapya ni ushahidi kwamba mambo yananyooka. Waandishi huogopa kugusa hapa kwa sababu wimbo unaweza kusikika kama lawama kwa ndugu wanaoomba. Angalia tulivyoepuka: hatukumlaumu yeyote wa nyumbani. Tumeeleza pesa ilitoka wapi, na tumeonyesha kuwa paa analipenda ingawa hajawahi kulala chini yake.

Kuhusu maneno ya kazi: kafili, yaani mwajiri mdhamini; ikama, kibali cha ukaazi; kadama, mfanyakazi wa ndani; na madam, mama mwenye nyumba. Walioko Ghuba wanayajua, na wengi wa walio nyumbani wameyasikia. Neno moja kama hilo linatia ukweli. Yakiwa manne kwenye ubeti mmoja, mama wa Likoni amepotea njia, na wimbo ulikuwa wake. Sisi hatukutumia hata moja, kwa kuwa binti anazungumza na mama, naye hamwelezi mama taratibu za kazi.

Ubeti wa 3: mtoto

*Jana mwana kaja mbio, kauliza: huyo nani?*
*Wewe akakwita mama, mimi mtu wa simuni,*
*Nikacheka, ukacheka, feri ikalia pwani,*
*Nikasema: sisikii. Nimekaa sakafuni.*

Huu ndio ubeti wa kuchukulia muda. Kishawishi ni kuandika machozi: nalia, roho yaniuma, moyo wapasuka. Kila mara ukiandika hivyo, unamfanyia msikilizaji kazi aliyopaswa kuifanya mwenyewe. Hapa wote wawili wanacheka. Katikati ya ukimya unaofuata, honi ya feri ya Likoni inapita kwenye simu na kusikika Riyadh. Kisha binti anasema hasikii, ilhali amesikia kila kitu. Neno la mwisho ni mahali alipokaa. Ndilo jibu la swali la kwanza la Hatua ya 2, na hakuna kilichoongezwa juu yake.

Tahadhari moja: methali. "Mkataa kwao ni mtumwa", "nyumbani ni nyumbani" na nyinginezo ni za kweli, lakini zinafunga mazungumzo. Ukiweka methali mwishoni mwa ubeti, msikilizaji anaitikia kwa kichwa na kuacha kuwaza. Zifute zote kwenye rasimu ya pili, kisha uone kama wimbo unadai hata moja irudi.

Utajua ubeti umekaa ukiweza kuusoma peke yake na mtu akakuambia kilichofichwa ndani yake, ingawa hukukitaja.

## Hatua ya 6: Geuza kiitikio cha mwisho

Baada ya ubeti wa tatu, kiitikio kinaimbwa mara ya kwanza na binti kama kawaida. Kisha sauti ya pili, ya mama, inajibu:

*Mama, sisi tu wazima, nyumba njema, watu wema,*
*Simu yangu yazimika, tutasema kesho, mama.*

Mama wa pwani humwita binti yake "mama", kwa hiyo mstari wa pili haukuhitaji kubadilishwa hata silabi moja. Amechukua uongo ule ule na kuurudisha. Sasa msikilizaji anajua kwamba na huku nyumbani kuna jambo, na hataambiwa ni lipi. Usiandike ubeti wa nne kulieleza.

Kama huna mwimbaji wa pili, shusha sauti na upunguze ala, ibaki moja tu. Usiige sauti ya mwanamke mzee, maana watu watacheka pale ulipotaka wanyamaze.

Urefu wa wimbo unaupata hivi. Kila mstari unachukua mapigo 8. Ubeti wa mistari 4 ni mapigo 32, na kiitikio kikiimbwa mara mbili ni mapigo 32 tena. Beti tatu na viitikio vyake ni mapigo 192. Kwa kasi ya 90 ni dakika 2 na sekunde 8. Ukiongeza utangulizi wa ala na nafasi baada ya ubeti wa pili, unafika karibu dakika 3. Prodyuza akikuambia wimbo ni mfupi, mwombe arefushe ala kabla ya ubeti wa tatu. Usiongeze maneno.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa watu wawili

Rekodi wimbo mzima kwa simu, sauti na makofi tu, na uutume kwa Wasapu kwa watu wawili: mmoja aliyebaki nyumbani, mwingine aliye kazini mbali. Usiwaeleze chochote. Waulize maswali mawili pekee: Huyu anaficha nini? Na ni neno gani hukulisikia vizuri?

Aliye nyumbani akijibu "anakumbuka kwao" basi, beti zako bado ni za jumla, rudi Hatua ya 2. Aliye mbali akisema "hilo halitokei huku", badilisha bila ubishi. Wote wawili wakitaja neno lile lile kuwa halikusikika, kagua mkazo wake, kwa sababu mara nyingi limekaa nje ya pigo.

Mwandishi asiye wa pwani asijilazimishe kuandika kama mtu wa Mombasa. Msemaji wako akiwa wa Bukavu au Lubumbashi, aseme "niko muzuri" kama anavyosema kwa mama yake. Mizani haiharibiki: "mzuri" na "muzuri" zote ni 3, "mtoto" na "mutoto" vilevile. Kiswahili kilichonyooshwa kwa ajili ya studio kitamfanya mama yake asimtambue.

## Hatua ya 8: Kabla ya kuutoa

Kama mwimbaji bado yuko kazini, usitaje jina la mwajiri, mtaa wala wakala. Usirekodi video ndani ya nyumba ya mwajiri, wala usionyeshe watoto wa nyumba hiyo. Nchi nyingi za Ghuba zina sheria kali juu ya kupiga picha za watu bila ruhusa na kuzisambaza, na anayeweza kupata hasara ni yule aliye huko, si wewe uliye Mombasa. Ondoa pia chochote kinachoonyesha siku yake ya mapumziko na mahali anapokwenda.

Kwa aliyekupa hadithi, mtumie rekodi ya mwisho kabla haijatoka, na umpe siku kadhaa za kuisikiliza. Akiomba mstari mmoja utolewe, utoe, kisha rudi kwenye daftari. Vile vitu ulivyoviacha Hatua ya 2 bado vipo, na kimoja kati yake kitaingia kwenye mizani 16.